Pakiti inapungua, bei imekaa palepale: tunalijuaje ongezeko halisi?

Daftari la Nyumbani (mleta uzi)

Wakuu, habari za leo. Naleta hili suala la pakiti zinazopunguzwa uzito kimyakimya huku bei ya rafuni haiguswi. Kwamba vitu vimepanda kila mtu anajua, kwa hiyo tusiishie kulalamika. Nataka tupige hesabu, maana naona wengi tunakadiria hasara yetu chini ya ilivyo.

Sabuni ya unga ninayotumia imepita hatua tatu, na pakiti tupu za hatua zote ninazo. Ya kwanza iliandikwa gramu 1,000, ya pili 900, ya tatu 850 pamoja na maneno MUONEKANO MPYA. Bei nitaziandika kwa namba tupu ili kila mtu aweke fedha ya kwake: ya kwanza 1,800, ya pili 1,800 ileile, ya tatu 1,870.

Ukitazama bei peke yake, utasema sabuni imepanda kwa 70, yaani hata asilimia 4 haijafika. Sasa gawanya bei kwa uzito. Pakiti ya kwanza, kila gramu 100 zilikuwa 180. Ya pili, gramu 100 ni 200. Ya tatu, gramu 100 ni 220. Kutoka 180 hadi 220 ni ongezeko la zaidi ya asilimia 22. Macho yanaona 4, mfuko unalipa 22.

Ninachouliza: kuna dalili gani nyingine za kukamata jambo hili mapema, kabla hujaweka pakiti mbili mezani? Na je, kuna mahali hesabu hii ya gramu 100 inaweza kunidanganya?

Kinyonga

Mkuu umeieleza vizuri ila umetia chumvi kidogo. Kutoka 1,000 hadi 900 wamekata asilimia 10, kwa hiyo bei imepanda asilimia 10. Kutoka 900 hadi 850 wamekata kama asilimia 5 na nusu, ongeza na zile 4 za bei. Jumla ni 19 na ushee. Hizo 22 zimetoka wapi?

Daftari la Nyumbani

Kinyonga, hapo ndipo wengi tunapopigwa. Asilimia waliyokata na asilimia uliyopandishiwa si kitu kimoja. Ukitaka kurudi kwenye kilo yako kamili kutoka gramu 900, unahitaji gramu 100 nyingine, na hizo utazinunua kwa bei mpya. Kwa hiyo gawanya uzito wa zamani kwa uzito mpya: 1,000 kwa 900 ni 1.111. Umepandishiwa asilimia 11, si 10.

Tofauti ya 10 na 11 inaonekana ndogo, lakini inakua kadiri wanavyokata zaidi. Wakikata robo umepandishiwa theluthi, na wakikata nusu bei imekuwa mara mbili. Halafu hatua zikifuatana huwezi kuzijumlisha, unazidisha. Hatua ya pili ilipanda kutoka 200 hadi 220, asilimia 10, juu ya ile 11. Ndiyo maana inafika 22.

Kinyonga

Nimekuelewa, 200 kwa 180, sawa. Lakini basi huu ni wizi mtupu, kuna sheria inayokataza. Mtu akishtaki anashinda asubuhi.

Fundi Pakiti

Salamu kwenu. Nimefanya kazi ya mashine za kufungasha unga na punje kwa muda mrefu, niseme ninachokijua.

Kinyonga, kwa sehemu kubwa ya dunia si kosa kuuza gramu 850 ikiwa pakiti imeandikwa 850. Kosa ni kuandika 900 ukatia pungufu, au kutengeneza pakiti kubwa yenye hewa tupu isiyo na sababu ya kiufundi. Zamani nchi nyingi za Ulaya zilikuwa na vipimo vya lazima kwa bidhaa fulani, kiwanda hakiwezi kuchagua uzito wowote kinaotaka. Umoja wa Ulaya uliondoa sehemu kubwa ya vipimo hivyo kuanzia Aprili 2009. Uzito ukishakuwa huru, mnunuzi anapoteza namba aliyoizoea na kiwanda kinapata nafasi ya kushuka taratibu.

Sasa dalili. Tuchukue mfuko laini kama wa sabuni ya mleta uzi. Mashine inayoutengeneza inazungushia karatasi ya plastiki kwenye bomba, inafunga mgongoni, inafunga chini, unga unamwagika, inafunga juu na kukata. Upana wa mfuko unatokana na bomba, na bomba ni chuma, kubadilisha ni gharama. Urefu unabadilishwa kirahisi, kwa sababu jicho la mashine linafuata alama iliyochapwa pembeni mwa karatasi. Kwa hiyo mfuko ukipunguzwa, mara nyingi upana unabaki vilevile na urefu ndio unaopungua kwa sentimita moja au mbili. Ukiwa rafuni huoni, kwa sababu jicho lako linapima upana unaokutazama. Wakati mwingine hawagusi hata urefu, wanaacha tu nafasi kubwa zaidi juu ya unga. Shika mfuko katikati uutikise: ukiona sehemu ya juu imelegea kuliko ulivyozoea, soma uzito.

Kwa maboksi mambo ni tofauti kidogo. Uso wa mbele hauguswi, kinachopunguzwa ni kina, ule unene unaoingia ndani ya rafu. Kwenye vikopo na chupa angalia chini: kile kishimo cha kitako kikiingia ndani zaidi, ujazo umepungua bila kimo kubadilika.

Na hilo neno MPYA lina sababu ya kiwandani. Ukibadilisha uzito ni lazima uchapishe mfuko upya, na kuchapa upya kunahitaji silinda mpya za kuchapia. Kwa kuwa gharama hiyo imeshalipwa, ofisi ya masoko inaona heri ibadilishe na picha na rangi palepale. Si kila muonekano mpya umeficha upungufu, lakini mimi nikiona muonekano mpya jicho linakwenda kwenye gramu kabla ya picha.

Daftari la Nyumbani

Fundi, asante sana. Nimezilaza pakiti zangu juu ya meza sasa hivi. Ya 900 na ya 1,000 zimelingana upana kabisa, urefu umepungua kama upana wa kidole gumba. Ya 850 imelingana na ya 900 kwa upana na kwa urefu! Kwa hiyo gramu 50 za mwisho zilitolewa ndani, mfuko haukuguswa. Na ndiyo hiyo yenye MUONEKANO MPYA, walichapa upya wakabakiza ukubwa uleule.

Nimeona na kitu kingine. Namba za chini ya barkodi si zile zile kwenye pakiti zote tatu. Mwanzo zinafanana, tarakimu za mwishoni zinatofautiana. Ni bahati tu?

Fundi Pakiti

Si bahati. Shirika la GS1, ambalo ndilo linaloongoza namba hizo duniani, lina kanuni kwamba uzito uliotangazwa kwenye pakiti ukibadilika, bidhaa ipewe namba mpya. Sababu yake ni mashine za dukani na maghala, zisichanganye bidhaa mbili za uzito tofauti. Lakini kwako mnunuzi ni msaada. Ukiweka picha ya barkodi ya bidhaa unazonunua kila mara, siku namba ikibadilika unajua kuna kitu kimeguswa. Huenda si uzito, na wapo wanaokiuka kanuni wakabakiza namba ya zamani, kwa hiyo ichukulie kama kengele ya kukuamsha usome gramu.

Mzee wa Mizani

Mimi ninayo kesi kama ya mleta uzi na mbaya zaidi. Nimenunua pakiti iliyoandikwa gramu 900, nikamimina unga wote kwenye bakuli nyepesi, nikapima bila pakiti. Gramu 888! Wameniibia gramu 12 juu ya zile walizokata. Hii ndiyo bei ya kificho mnayoisema.

Fundi Pakiti

Mzee wangu shikamoo. Hiyo ni mada jirani ila si hii. Mleta uzi anazungumzia namba iliyochapwa kushuka. Wewe unazungumzia kilichomo kutofika namba iliyochapwa.

Hakuna mashine inayojaza gramu 900 kamili kila mara, inapiga juu kidogo na chini kidogo. Ndiyo maana sheria nyingi zinapima kwa wastani. Kwa kanuni ya Ulaya ya mwaka 1976, ambayo nchi nyingi za nje ya Ulaya zimeifuata kwa namna moja au nyingine, wastani wa kundi zima la pakiti haupaswi kuwa chini ya uzito ulioandikwa. Pakiti mojamoja ya kati ya gramu 500 na 1,000 inaruhusiwa kupungua hadi gramu 15, ni chache tu zinazoruhusiwa kuvuka hapo, na hakuna inayoruhusiwa kupungua zaidi ya gramu 30. Kwa hiyo 888 yako iko ndani ya ruhusa. Ongeza na makosa ya mizani ya jikoni, nayo si haba.

Ukitaka kujua kama unaibiwa kweli, pima pakiti kumi za siku tofauti. Zote zikiwa chini ya 900, hata kama kila moja imepungua gramu 8 tu, hapo kuna jambo, maana wastani ulitakiwa ufike. Peleka kwa wakaguzi wa vipimo wa nchi yako.

Mzee wa Mizani

Marahaba. Pakiti kumi sina, lakini nitaanza kupima kila ninayonunua. Bado moyo wangu haujaridhika na hizo 12.

Mama Pili

Samahani wakuu, naomba nichomekee yangu. Dawa ya meno ninayonunua ilikuwa mililita 100. Nimenunua nyingine juzi, boksi ni lile lile urefu, imeandikwa 100 vilevile na bei ileile. Lakini inaisha haraka, nikasema watoto wanachezea. Baada ya kusoma uzi huu nimekwenda kuangalia tena: ya sasa imeandikwa gramu 100, si mililita. Je, si sawa tu? Mililita ya maji ni gramu moja.

Daftari la Nyumbani

Dada Mama Pili, hicho ulichokiona ni kikubwa. Ya maji ni gramu moja, lakini dawa ya meno ni nzito kuliko maji kwa sababu imejaa unga wa kusugulia. Fundi atuthibitishie ni nzito kiasi gani.

Fundi Pakiti

Kwa kawaida inakaa kwenye gramu 1.3 kwa mililita, inaweza kuzidi au kupungua kidogo kulingana na aina. Kwa hiyo mililita 100 za zamani zilikuwa na uzito wa kama gramu 130. Sasa unapewa gramu 100, ambazo ni kama mililita 77. Wamekutolea karibu robo, na namba ya mbele haijabadilika hata tarakimu moja.

Mama Pili, usinitegemee mimi, hakikisha mwenyewe. Chukua sirinji safi ya mililita 10 isiyo na sindano, ipime ikiwa tupu, ijaze dawa mpaka mstari wa 10 bila kuacha hewa, ipime tena. Tofauti ikija gramu 13 au hapo karibu, hesabu yangu ni ya kweli kwa dawa yako. Halafu gawanya 100 kwa 77: umepandishiwa karibu asilimia 30.

Mama Pili

Nimefanya. Sirinji tupu ilikuwa gramu 6, imejaa ikawa 19. Kumi na tatu kamili. Nimewaomba watoto radhi. Inaniuma sana, maana nilikuwa nawagombeza kila asubuhi kumbe hawana kosa.

Kinyonga

Mama Pili pole sana. Sasa mimi narudi kwenye sabuni. Nyuma ya pakiti za aina hii huwa wanaandika "nguvu zaidi" au "imekolezwa". Kama kweli imekolezwa, gramu 850 zinaweza kufua nguo sawa na 1,000 za zamani. Basi mleta uzi hajapoteza kitu, hesabu yake ya gramu 100 inawaonea wenye kiwanda.

Daftari la Nyumbani

Hoja nzuri, na ndiyo ile sehemu ya pili ya swali langu. Gramu 100 ni kipimo sahihi ikiwa kilichomo ndani ni kilekile. Sabuni ikikolezwa kweli, kipimo sahihi ni bei ya ufuaji mmoja. Chukua kiasi wanachoshauri nyuma ya pakiti, gawanya uzito kwa kiasi hicho upate idadi ya mafuo, kisha gawanya bei kwa idadi hiyo.

Pakiti yangu ya kwanza inasema gramu 100 kwa fuo moja, kwa hiyo mafuo 10, kila moja 180. Kama ya tatu ingesema gramu 85, nayo ingekuwa mafuo 10, kila moja 187, na ningekubali kwamba ongezeko ni asilimia 4 tu. Tatizo ni kwamba ya tatu haisemi gramu. Inasema "kijiko kimoja kilichojaa", na ndani ya pakiti hakuna kijiko. Kijiko kipi? Nimejaza vijiko viwili vya hapa nyumbani, kimoja kimebeba gramu 14 na cha kupakulia kimebeba 60. Hesabu imenifia hapo.

Fundi Pakiti

Na hata wangeandika gramu 85, mkono wa mtu haubadiliki kwa sababu ya maandishi. Aliyezoea kumimina kiasi fulani ataendelea kumimina kilekile, kwa hiyo pakiti iliyokolezwa inaisha mapema na yeye ndiye analipa tofauti. Kama imekolezwa kweli au la, kwenye pakiti huwezi kujua. Orodha ya viambato inakupa majina, na kwa baadhi ya viambato unapewa viwango vya jumla tu, mfano chini ya asilimia 5, au kati ya 5 na 15. Kiwanda kinaweza kushuka kutoka 14 hadi 6 na maandishi yakabaki yaleyale. Huo ni upungufu ambao mizani haiuoni kabisa.

Muuza Rafu

Naomba niseme upande wa duka, maana lawama zote hutuangukia sisi. Sisi hatutumiwi barua kwamba uzito umepungua. Tunaletewa orodha ya bei, jina lilelile, namba ya bidhaa mpya. Mara nyingi tunashtuka katoni inapokuja na idadi tofauti ya pakiti. Mteja akinigombeza naweza kumwonyesha risiti yangu ya manunuzi, nimelipa bei ileile kwa pakiti.

Kuna nchi ambazo duka kubwa linatakiwa liandike bei kwa kilo au kwa lita chini ya bei ya pakiti. Ulaya wanayo tangu agizo la 1998. Inasaidia, lakini haikumbuki jana. Inakuambia leo kilo ni 2,200. Haikuambii kwamba zamani ilikuwa 1,800.

Daftari la Nyumbani

Muuza Rafu, hapo umenena. Ufaransa walijaribu kuziba pengo hilo. Tangu Julai 1, 2024, maduka yenye eneo la zaidi ya mita za mraba 400 yanatakiwa yaweke tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa, likitaja uzito wa zamani, uzito mpya, na bei kwa kilo imepanda kwa kiasi gani. Tangazo linakaa miezi miwili. Brazili wao wamemtwika mzigo mwenye kiwanda, aandike upungufu kwenye pakiti yenyewe.

Mimi naunga mkono njia ya Brazili. Pakiti inamfikia hata anayenunua kwenye kibanda kidogo kisichofika mita 400, na huyo ndiye mwenye kipato cha kubana zaidi. Na miezi miwili ni michache mno kwa bidhaa ambayo mtu hununua mara nne kwa mwaka.

Muuza Rafu

Naunga mkono asilimia mia. Mimi tangazo ningelibandika, lakini habari za uzito wa zamani nitazitoa wapi ikiwa msambazaji hajaniambia?

Kinyonga

Sasa kuna jambo moja. Wiki hii nimeona sabuni kama ya mleta uzi ina utepe wa manjano: "asilimia 10 zaidi bila malipo". Gramu 935, bei 1,870. Si wamerudisha?

Daftari la Nyumbani

Kinyonga, gawanya kama ulivyofanya mwanzo. 1,870 kwa gramu 935 ni 200 kwa kila gramu 100. Ile zaidi imehesabiwa juu ya 850. Kwa hiyo "bila malipo" imekurudisha kwenye bei ya pakiti ya pili, na bado uko asilimia 11 juu ya ile ya kwanza. Hata hivyo, kama utepe upo na unaihitaji, nunua hiyo. Kwa sasa 200 ni nafuu kuliko 220. Ila utepe ukiondoka usishangae wakikuachia 850 uone ndiyo saizi ya kawaida.

Mzee wa Mizani

Na takwimu za mfumuko wa bei zinazosomwa redioni, haya yamo au nayo yamefichwa?

Daftari la Nyumbani

Mzee shikamoo. Kwa ofisi makini yamo, wakusanyaji wa bei huandika na uzito wa pakiti. Ofisi ya takwimu ya Uingereza ilitazama data zake za kuanzia Januari 2012 hadi Juni 2017 ikakuta bidhaa 2,529 zimepunguzwa ukubwa, na 614 zimeongezwa. Wanachokosa ni kile alichosema Fundi, viambato kupunguzwa nguvu bila gramu kuguswa. Hicho sijaona njia ya mtu wa kawaida kukipima.

Fundi Pakiti

Nami sina njia ya nyumbani ya kuaminika. Mwenye pakiti ya zamani ambayo bado ina unga ndani, hata kidogo, aseme. Tunaweza angalau kufua vitambaa viwili vyenye doa moja, gramu sawa, maji sawa, muda sawa, tuone. Haitakuwa ushahidi wa maabara, na unga uliokaa sana unaweza kuwa umepoteza nguvu wenyewe, lakini ni mahali pa kuanzia.

Mama Pili

Mimi ninayo ya gramu 900 nusu pakiti, imefungwa vizuri. Nipeni kiasi cha maji, nitafanya Jumamosi.